Ndoo ya boya au pampu ya dawa: ulinganisho wa vifaa vya kutilia shabu na klorini katika mtambo mdogo wa kusafisha maji

Ulinganisho huu unawahusu wale wanaosimamia mtambo mdogo unaochota maji ya mto, kama zile skimu za vijijini nchini Tanzania ambazo tangu Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 zimewekwa mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vikisimamiwa na RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Katika mtambo wa namna hiyo dawa zinazotiwa kila siku kwa kawaida ni mbili: shabu, inayokusanya tope liwe mabonge yanayoweza kutuama, na klorini, inayoua vijidudu baada ya maji kuchujwa. Vifaa vya kuzitilia navyo ni vya namna mbili. Kimoja hutegemea uzito wa maji yenyewe, na hapa tutakiita ndoo ya boya. Kingine ni pampu ndogo ya umeme yenye kiwambo, ambayo tutaiita pampu ya dawa.

Wauzaji hulinganisha vifaa hivi kwa usahihi wa kipimo, na kwa kigezo hicho pampu hushinda kwenye karatasi. Mimi ninaona kigezo chenye uzito zaidi ni kingine, yaani kifaa kinapokosea, mwendeshaji wa mtambo atajuaje, na atajua baada ya muda gani? Kifaa chenye kosa dogo lisiloonekana kinaweza kuwalisha watu maji yasiyo na klorini wiki nzima, ilhali kifaa chenye kosa kubwa linaloonekana kwa macho hurekebishwa siku hiyohiyo.

Hesabu inayotangulia uchaguzi

Tuchukue mtambo wa mfano unaosafisha mita za ujazo 20 kwa saa, ukiwashwa saa 8 kwa siku. Jaribio la mitungi, yaani kujaribu dawa kwa viwango tofauti katika mitungi ya maji hayo, limeonyesha kwamba maji ya mto yanahitaji shabu miligramu 40 kwa lita, na klorini inayotiwa ni miligramu 2 kwa lita. Kwa kuwa miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa mita ya ujazo, kazi iliyobaki ni kuzidisha tu: shabu inayohitajika ni gramu 800 kwa saa, na klorini ni gramu 40 kwa saa.

Shabu ikiyeyushwa kwa kiwango cha asilimia 5, kila lita ya myeyusho hubeba gramu 50, hivyo gramu 800 zinahitaji lita 16 kwa saa, ambazo ni takribani mililita 267 kwa dakika. Klorini ya unga inayouzwa kwa jina la HTH huwa na klorini hai ya asilimia 65 hadi 70. Ili kupata tangi la lita 100 lenye myeyusho wa asilimia 1 tunahitaji gramu 1,000 za klorini hai, na ikiwa unga ni wa asilimia 65, tunapima kilo 1.54. Myeyusho huo hubeba gramu 10 kwa lita, kwa hiyo gramu 40 kwa saa ni lita 4 kwa saa, au mililita 67 kwa dakika.

Namba hizi mbili, 267 na 67, ndizo zinazoanza kuelekeza uchaguzi. Mtiririko wa mililita 267 unapita katika tundu pana kiasi, lisiloziba kwa punje moja ya uchafu. Mtiririko wa mililita 67 unahitaji tundu jembamba, na tundu jembamba ndilo adui mkubwa wa ndoo ya boya.

Ndoo ya boya inavyofanya kazi

Wapo wanaotoboa pipa chini, wakafunga koki na kuiacha idondoshe dawa mferejini. Mpango huo haufai, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Mtiririko unaopita kwenye tundu hutegemea kina cha myeyusho kilicho juu yake: kina kikishuka hadi robo ya kilivyokuwa, mtiririko hushuka hadi nusu. Pipa lililopimwa asubuhi likiwa limejaa litakuwa linatoa nusu tu ya dawa alasiri, na wala hakuna kilichoharibika.

Ndoo ya boya huondoa tatizo hilo kwa kuweka chombo kidogo kati ya pipa na mfereji. Myeyusho hutoka kwenye pipa lililo juu na kuingia katika ndoo ndogo kupitia koki ya boya, ya aina ileile inayotumika kwenye tangi la choo cha kuvuta, lakini iwe ya plastiki tupu kwa sababu shabu na klorini hula shaba na chuma. Boya hushikilia kina kilekile ndani ya ndoo hata pipa likikaribia kuisha. Kutoka kwenye ndoo, mpira mwembamba hupeleka myeyusho mferejini, na mwendeshaji huongeza dawa kwa kushusha mdomo wa mpira au huipunguza kwa kuupandisha. Mdomo ukishapatikana mahali pake, hufungwa kwenye ubao wenye alama.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba mdomo wake uko wazi. Anayepita karibu anaona uzi wa dawa ukidondoka mferejini, na uzi huo ukikonda au ukakatika, anajua palepale. Kuupima ni kukinga kwa silinda ya kupimia kwa dakika moja, huku ukitazama saa ya simu.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na uwazi huohuo. Kifaa hiki kinaweza kudondosha tu mahali palipo wazi kwa hewa, kama mferejini, kwenye kizingiti cha maji au mdomoni mwa tangi. Hakiwezi kuingiza dawa katika bomba lenye msukumo. Tena hakijui kama maji ya mto yanaingia au yamesimama, na jambo hili lina madhara nitakayoyaeleza hapa chini.

Pampu ya dawa inavyofanya kazi

Ndani ya kichwa cha pampu mna kiwambo cha mpira kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele. Kinapovutwa, vali ya goroli ya chini hufunguka na myeyusho huingia. Kinaposukumwa, vali ya chini hufunga na ya juu hufunguka. Kipimo hubadilishwa kwa njia mbili, urefu wa pigo na idadi ya mapigo kwa dakika, na pampu inaweza kuingiza dawa kwenye bomba lenye msukumo bila shida. Ikiunganishwa na swichi ya pampu kubwa ya maji ghafi, huwaka na kuzimika pamoja nayo.

Katika kununua, kosa linalorudiwa ni kuchagua pampu kubwa kupita kiasi kwa kudhani kwamba kubwa ni salama. Kwa klorini yetu ya lita 4 kwa saa, pampu yenye uwezo wa lita 10 kwa saa itafanya kazi karibu na asilimia 40 ya uwezo wake, mahali ambapo mapigo yake yanaaminika. Pampu ya lita 50 italazimika kubanwa hadi asilimia 8, na pigo fupi kiasi hicho huwa halitabiriki: kipovu kidogo cha hewa, au goroli isiyokaa sawasawa, hula sehemu kubwa ya kila pigo.

Pampu pia hupimwa kwa namna yake. Ukichomoa mpira wa kutolea na kukinga kwenye silinda, utapata kiasi kikubwa kuliko kile kinachoingia kweli kwenye bomba, kwa sababu umeondoa msukumo ambao pampu hupambana nao. Njia sahihi ni kuweka silinda yenye alama upande wa kunyonyea: unafunga koki ya tangi, unaacha pampu inyonye kutoka kwenye silinda peke yake kwa dakika moja, kisha unasoma kilichopungua. Silinda hiyo ni kifaa cha bei ndogo, lakini mitambo mingine hufungwa bila hicho, na hapo mwendeshaji hubaki akiamini namba iliyo kwenye kitufe cha kuzungusha. Namba ya kitufe ni asilimia ya pigo, si kiasi cha dawa. Ninashauri pampu isipokelewe kutoka kwa fundi mpaka silinda iwe imefungwa.

Hitilafu zikiwekwa bega kwa bega

| Dalili | Kwenye ndoo ya boya | Kwenye pampu ya dawa |
|---|---|---|
| Dawa haitoki kabisa | Tundu au mpira umeziba, au koki ya boya imekwama ikiwa imefunga. | Pampu imeshika hewa, vali ya chini imeziba, au umeme haufiki. |
| Dawa inatoka kidogo | Uchafu umepunguza tundu, au chokaa imejenga ndani ya mpira. | Goroli haikai sawasawa, au kiwambo kimechoka. |
| Dawa inatoka nyingi kupita kipimo | Koki ya boya haifungi, kwa hiyo kina cha ndoo kimepanda. | Dawa inajivuta yenyewe kwa sababu bomba liko chini ya tangi au lina mvuto. |
| Mtambo umesimama, dawa bado inapungua | Ni tabia ya kifaa, maana hakuna kinachokizuia. | Kujivuta, vali ya kuzuia kujivuta haipo au imekufa. |

Dalili mbili za kwanza zinahitaji maelezo zaidi.

Kuziba kwa ndoo ya boya kuna vyanzo tofauti kwa kila dawa. Shabu ya mabonge huja na mchanga na takataka zisizoyeyuka, ambazo huzama chini ya pipa. Ikiwa bomba la kutolea limefungwa kwenye sakafu ya pipa, uchafu huo wote huenda moja kwa moja kwenye tundu. Bomba linapaswa kuinuliwa sentimita 10 hivi juu ya sakafu, na pipa lioshwe kabla ya kuyeyusha shabu mpya. Klorini ya unga nayo huacha mashapo meupe, na ikiyeyushwa kwa maji magumu hujenga chokaa ndani ya mipira. Hapa suluhisho ni kuyeyusha katika pipa la kwanza, kuacha mashapo yatuame usiku kucha, kisha kuhamishia maji maangavu ya juu katika pipa la kutolea. Kwa kuwa mililita 67 ni mtiririko mwembamba, mimi hupendelea kutumia myeyusho wa nusu asilimia ili tundu lipitishe mililita 133. Pipa litaisha haraka zaidi, lita 64 kwa siku ya saa 8 badala ya 32, lakini tundu pana zaidi huziba mara chache zaidi.

Chokaa hiyo huondolewa kwa siki au asidi hafifu ya haidrokloriki, na ni lazima kifaa kioshwe kwa maji mengi kwanza. Asidi ikikutana na masalia ya klorini hutoa gesi ya sumu. Kwa sababu hiyohiyo, shabu, ambayo myeyusho wake ni asidi, haipaswi kuingia kamwe katika ndoo, kikombe au pipa la klorini, hata kama kimeoshwa. Paka kila chombo rangi yake. Vilevile unga wa klorini hutiwa kwenye maji, wala si maji kumwagwa juu ya unga, na stoo yake isiwe ile inayotunza dizeli ya jenereta, maana unga huo ukigusa mafuta huweza kuwaka.

Kwa upande wa pampu, tatizo linalosumbua zaidi kwenye klorini ni kushika hewa. Myeyusho wa klorini hutoa vipovu vya gesi, hasa jua likipiga kwenye mpira wa kunyonyea, na kipovu kikiingia kwenye kichwa cha pampu, kiwambo hubana na kuachia kipovu hichohicho bila kusukuma tone. Hili ndilo kosa la kimya ninalolihofia: taa inawaka, pigo linasikika, kitufe kinaonyesha asilimia 40, na hakuna klorini inayotoka. Mwendeshaji anayekagua kwa masikio ataandika kwenye daftari kwamba pampu inafanya kazi. Kinga yake ni kuweka pampu chini ya usawa wa myeyusho ili tangi liilishe kwa uzito, kufupisha mpira wa kunyonyea, kuuficha jua, na kufungua kila asubuhi ile koki ndogo ya kutolea hewa iliyo kichwani. Kiwambo kilichopasuka, kinyume chake, hujitangaza chenyewe, kwani pampu nyingi zina tundu dogo chini ya kichwa, na myeyusho ukianza kuchuruzika hapo, kiwambo kibadilishwe kabla haujafika kwenye mota.

Umeme unapokatika

Katika skimu ya mserereko, ambamo maji hushuka yenyewe kutoka mlimani usiku na mchana, kukatika kwa umeme hakusimamishi maji bali husimamisha pampu ya dawa. Maji yataendelea kwenda kwa watu bila klorini, na kwa skimu hiyo ndoo ya boya haina mshindani.

Katika mtambo wetu wa mfano mambo hugeuka. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, pampu kubwa husimama, na pampu ya dawa iliyounganishwa na swichi moja nayo husimama. Ndoo ya boya haisimami. Tuseme pipa lilikuwa na lita 40 za myeyusho wa asilimia 1 na mwendeshaji ameondoka bila kufunga koki. Kwa lita 4 kwa saa, pipa litakuwa limekwisha baada ya saa 10, na gramu 400 za klorini zitakuwa zimeingia katika tangi la maji safi. Kama tangi hilo lina mita za ujazo 50 zilizotulia, kiwango kitakuwa kimepanda kwa miligramu 8 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5. Mtu wa kwanza kufungua bomba asubuhi atanusa kabla hajaonja.

Fundi mwenye ubunifu anaweza kufunga koki ya pili inayoendeshwa na boya lililo katika mfereji wa maji ghafi, ili maji ya mfereji yakishuka, koki ifunge mpira wa dawa. Ni mpango mzuri, ingawa nao unaongeza kitu kingine cha kukwama.

Kisa kimoja kilichofuatwa hadi mwisho

Tuupe mtambo wetu pampu ya dawa kwa klorini na ndoo ya boya kwa shabu, mchanganyiko ambao kwa maoni yangu unaifaa mitambo mingi ya aina hii. Ni katikati ya masika. Kwa kawaida klorini iliyobaki katika tangi la maji safi ni miligramu 0.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kipatikane baada ya dakika 30 za kukaa na klorini, pH ikiwa chini ya 8. Asubuhi hii kipimo ni 0.1. Wengi watakimbilia kuzungusha kitufe cha pampu ya klorini. Tusifanye hivyo, tuulize maswali matatu kwa mpangilio.

Swali la kwanza ni kama dawa inatoka kwa kiasi kilichopangwa. Silinda ya kunyonyea inaonyesha mililita 66 kwa dakika, na alama za tangi zinaonyesha kwamba jana zilitumika lita 32 kwa saa 8. Pampu haina hatia.

Swali la pili ni kama myeyusho una ukali unaodhaniwa. Unga wa HTH hupoteza nguvu ukikaa kwenye joto na unyevu, hasa kopo likiachwa wazi, na kilo 1.54 za unga uliochoka si kilo 1.54 za kwenye lebo. Kipimo chake kinafanyika palepale bila maabara. Mililita 1 ya myeyusho huwekwa katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri (maji yake, si asidi yake). Kisha mililita 100 za mchanganyiko huo hujazwa maji hayohayo hadi lita 1. Myeyusho wa asilimia 1 una miligramu 10,000 kwa lita, na sasa umezimuliwa mara 10,000, kwa hiyo kidonge cha DPD, kinachopima klorini kwa rangi ya waridi, kinapaswa kuonyesha karibu miligramu 1. Kingeonyesha 0.5, unga ungekuwa umepoteza nusu ya nguvu yake. Katika kisa chetu kinaonyesha 0.9, na hilo si neno.

Angalizo moja kuhusu kidonge hicho. Klorini ikiwa nyingi mno, rangi ya waridi hutokea kwa nukta kisha hutoweka, na mpimaji husoma sifuri penye klorini ya kuzidi. Kabla ya kuandika sifuri, zimua maji yale mara kumi kwa maji yasiyo na klorini, upime tena.

Swali la tatu ni kama maji yenyewe yanaila klorini kuliko jana. Kipimo cha tope kinaonyesha 6 NTU baada ya chujio la mchanga, mahali ambapo kwa kawaida husoma chini ya 1. Maji yanayotoka kwenye tangi la kutuamisha yanasoma 18. Basi klorini inaishia kwenye tope, na kosa liko juu ya chujio. Mwendeshaji anakwenda kwenye ndoo ya shabu, na hata kabla ya kukinga silinda anaona kwamba uzi wa dawa umekonda. Silinda inathibitisha: mililita 150 kwa dakika badala ya 267. Kwa gramu 50 kwa lita, hizo ni gramu 450 kwa saa, na zikigawanywa kwa mita za ujazo 20 tunapata miligramu 22.5 kwa lita, wakati ambapo mto umechafuka na pengine unahitaji zaidi ya 40. Mchanga wa shabu umejaa kwenye tundu. Pipa lilijazwa jana bila kuoshwa.

Lau kitufe cha klorini kingezungushwa, kipimo cha 0.5 kingerudi, daftari lingependeza, na watu wangekunywa maji yenye tope la 6 NTU ambamo vijidudu hujificha ndani ya chembe na kuikwepa klorini. Ndiyo maana tope hupimwa kabla ya kitufe chochote kuguswa. Lau kwa upande mwingine shabu ingekuwa inatiwa na pampu, upungufu uleule ungekuwepo bila uzi wa kuonekana, na ungegunduliwa tu na mtu aliyezoea kufunga koki ya tangi na kutazama silinda.

Ninavyochagua

Kwa shabu, mahali popote penye mfereji wazi wenye msukosuko wa kuchanganya, ninachagua ndoo ya boya, hata pale umeme upo. Mtiririko wake ni mkubwa kiasi cha kutoziba ovyo, na kosa lake linaonekana. Shabu ikiendelea kudondoka mtambo ukiwa umesimama hupotea na huharibu maji ya mwanzo, lakini haileti hatari ya papo hapo kama klorini.

Kwa klorini, jambo la kwanza la kutazama ni mahali pa kuitilia. Ikiwa ni bomba lenye msukumo, pampu haiepukiki. Ikiwa ni mdomo wa tangi la wazi na maji huja kwa mserereko bila kusimama, ninachagua ndoo ya boya yenye myeyusho wa nusu asilimia. Ikiwa maji husukumwa na pampu inayowashwa na kuzimwa, ninachagua pampu ya dawa, nikiifunga pamoja na swichi yake, silinda ya kunyonyea na vali ya kuzuia kujivuta, na ndoo ya boya iliyo tayari ukutani kwa siku ambayo pampu itakufa. Stoo iwe na kiwambo kimoja, seti ya vali za goroli na mita chache za mpira kabla pampu haijawashwa kwa mara ya kwanza. Kama vipuri hivyo havipatikani katika mji wa karibu na chombo cha jamii kinachosimamia mtambo hakina fedha ya kuviagiza, pampu ya kisasa itageuka pambo ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hapo ni afadhali kuanza na ndoo.

Pale ambapo kifaa chochote hakisaidii

Kuna hitilafu moja ya masika inayofanana sana na upungufu wa shabu, ambayo husukuma mwendeshaji kuongeza dawa na kuzidi kuharibu. Shabu inapofanya kazi hutumia uwezo wa maji wa kuhimili asidi, ambao maabara huuita alkaliniti. Kila miligramu 1 ya shabu hula takribani nusu miligramu ya alkaliniti hiyo, ikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Mvua kubwa hufanya mambo mawili kwa pamoja: hutia tope mtoni, jambo linalodai shabu zaidi, na huzimua maji, jambo linalopunguza alkaliniti.

Mto wenye alkaliniti ya miligramu 60 wakati wa kiangazi hauna shida na shabu ya 40, maana hiyo hula 20 tu. Mto huohuo ukishuka hadi 30 wakati wa masika na mwendeshaji akapandisha shabu hadi 80, dawa inadai alkaliniti ya 40 ambayo haipo. pH huanguka chini ya 6, mabonge hayajengeki, na maji yanatoka kwenye chujio yakiwa na ukungu pamoja na aluminiamu iliyoyeyuka. Kifaa cha kutilia dawa kitapimwa na kuonekana kizima, kwa sababu ni kizima.

Dalili ya kutofautisha ni pH. Shabu ikiwa pungufu, pH ya maji yaliyotiwa dawa hukaribia ile ya mto. Shabu ikiwa imekula alkaliniti yote, pH imeporomoka. Kinachotiwa hapo ni chokaa au magadi ya kiwandani, kama yale yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya, na si magadi ya jikoni ambayo hayajulikani yamechanganyika na nini. Kiasi chake hupatikana kwa jaribio la mitungi: lita moja ya maji ya mto katika kila mtungi, shabu ileile katika yote, magadi yakiongezeka hatua kwa hatua, kukoroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika 15, kisha kuacha yatuame nusu saa. Magadi hutangulia shabu mferejini, na hutiwa kwa ndoo yake ya tatu yenye rangi yake. Ikiwa ni chokaa, mpira mwembamba hautaihimili hata siku moja, kwa sababu ni uji na si myeyusho. Itahitaji mfereji mdogo wa wazi na mtu au kikorogeo cha kuizuia isizame.